Sauti Inayorudi: Kuondoa Mwangwi Pacha Katika Mazungumzo ya Video Yaliyorekodiwa

Mwangwi pacha ni sauti ya msemaji mmoja kusikika mara mbili katika rekodi ya mazungumzo ya video. Mara ya kwanza husikika safi, kisha hujirudia nyuma yake baada ya kitambo kidogo, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili anayemwigiza. Kwa kawaida hugunduliwa kwa kuchelewa. Mahojiano yamekwisha, mgeni ameaga, na mrekodi anapofungua faili ili alihariri ndipo anasikia kila neno lake likijirudia, huku sauti ya mgeni ikiwa haina kasoro yoyote.

Hapo wengi hukimbilia kutafuta kichujio cha kufuta mwangwi. Vichujio hivyo vipo, lakini vingi vilitengenezwa kwa ajili ya mvumo wa chumba, yaani ule ukungu wa sauti unaobaki katika ukumbi mtupu baada ya mtu kunyamaza. Mwangwi pacha ni kitu kingine kabisa. Ni nakala kamili ya maneno, yenye mwanzo na mwisho wake, iliyoingia ndani ya rekodi kwa njia ya pili. Tiba yake huanza kwa kuitambua njia hiyo, kwa sababu kila njia huacha alama yake, na alama hiyo ndiyo inayoamua kama nakala itafutika kabisa, itafunikwa tu, au itabaki.

Milango miwili

Kompyuta inayorekodi mazungumzo ya video huchukua sauti kupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ni maiki ya msemaji. Wa pili ni sauti inayotoka kwenye kompyuta yenyewe, ambayo kwa kawaida ni sauti ya mgeni inayowasili kwa mtandao. Katika programu ya OBS Studio, inayotumiwa sana kwa kazi hii, milango hiyo huonekana kwenye skrini kwa majina `Mic/Aux` na `Desktop Audio`. Kila kitu kikienda sawa, msemaji huingia kwa mlango wa kwanza peke yake na mgeni kwa mlango wa pili peke yake. Mwangwi pacha hutokea msemaji anapoingia kwa mlango wake, kisha akaingia tena kwa mwingine.

Kuna namna kuu mbili za kuingia tena. Ya kwanza hutokea ndani ya kompyuta ya msemaji mwenyewe. Maiki imewekwa kwenye mipangilio ya jumla ya sauti, halafu mtumiaji, kwa kutojua, akaiongeza tena kama chanzo kipya ndani ya ukurasa anaorekodi. Au kamera ya mezani ina maiki yake ndogo ambayo nayo inarekodi kimyakimya pembeni ya maiki kubwa. Au msemaji amewasha kipengele cha kujisikia mwenyewe, kile ambacho Windows hukiita `Listen to this device` na OBS hukiita `Monitor and Output`. Sauti yake inapelekwa kwenye spika au hedifoni zake, na kwa kuwa programu inarekodi kila kinachopelekwa huko, inaikamata mara ya pili.

Namna ya pili ni ya safari ndefu. Sauti ya msemaji inasafiri kwa mtandao hadi kwa mgeni, inatoka kwenye spika ya mgeni, inazunguka chumbani kwake, inaingia kwenye maiki yake, kisha inarudi ilikotoka. Inapofika nyumbani hupokelewa kama sehemu ya sauti ya mgeni, na kurekodiwa hivyo.

Programu za mazungumzo zina kinga dhidi ya safari hiyo. Asili yake ni simu za masafa marefu: katika miaka ya 1960, maabara za Bell nchini Marekani zilibuni kifaa cha kufuta mwangwi kwa hesabu, kwa kuwa simu zilizopitia satelaiti zilichelewa kiasi cha mwangwi kuvuruga mazungumzo. Kanuni yake bado ndiyo inayotumika. Kifaa cha mgeni kinajua ni sauti gani kimeipeleka kwenye spika yake. Kinajifunza jinsi sauti hiyo inavyofika kwenye maiki, kisha kinaitoa kabla ya kutuma chochote. Lakini kinga hii hushindwa katika hali zinazojulikana vizuri. Hushindwa spika ikifunguliwa sana hadi ikakwaruza, maana sauti iliyokwaruza si ile iliyopelekwa. Hulemewa mgeni anapotumia spika ya bluetooth, kwa sababu ya ucheleweshaji wake. Na hushindwa kabisa watu wawili wanapokaa chumba kimoja, kila mmoja na simu yake ndani ya mazungumzo yaleyale: kila simu inaijua spika yake tu, haina habari na ya jirani.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kinga iko upande wa mgeni. Anayesikia mwangwi siye anayeusababisha. Msemaji anaweza kubadilisha maiki yake mara kumi bila kupata nafuu, wakati dawa ilikuwa ni mgeni kupunguza sauti ya spika yake.

Kupima pengo

Njia ya pili hutambuliwa kwa kupima muda kati ya sauti halisi na nakala yake. Kinachohitajika ni programu ya kuhariri sauti inayoonyesha mawimbi, kama Audacity, ambayo haina malipo. Hutafutwa mahali ambapo msemaji ametamka herufi yenye mpasuko, kama *p*, *t* au *k*, baada ya kimya kifupi. Mpasuko huo huonekana kama mwiba kwenye wimbi. Mbele yake kidogo utaonekana mwiba mwingine wa umbo linalofanana, kwa kawaida mdogo zaidi. Umbali kati ya miiba hiyo miwili ndio pengo. Inafaa kupima sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho wa rekodi. Kama pengo ni lilelile kote, nakala ilizaliwa ndani ya kompyuta. Kama linasogeasogea, karibu hakika limepitia mtandao, kwa kuwa mtandao hauchelewi kwa kiwango kimoja muda wote.

Ukubwa wa pengo nao una maana yake. Pengo la milisekunde chache, chini ya kumi hivi, halisikiki kama mwangwi. Husikika kama mtu anayeongea ndani ya bomba au mtungi. Sababu ni kwamba mawimbi mawili yanayokaribiana hivyo huongezana katika masafa fulani na kuuana katika mengine. Pengo la milisekunde 1, kwa mfano, huua sauti kwenye hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea kwa mpangilio huo, ikiwa nakala ina nguvu sawa na sauti halisi. Alama hii karibu kila mara humaanisha kwamba maiki moja imerekodiwa mara mbili, au maiki mbili zimerekodi kinywa kimoja.

Kati ya hapo na milisekunde hamsini, sikio huziunganisha sauti mbili kuwa moja. Mjerumani Helmut Haas alilieleza jambo hili katika utafiti wake wa mwaka 1949 kuhusu usikivu wa hotuba: nakala inayofika mapema haitambuliwi kama sauti ya pili, hata ikiwa na nguvu ya kutosha. Hunenepesha tu ile ya kwanza. Pengo likizidi hapo, sikio hukata shauri kwamba wasemaji ni wawili. Milisekunde 50 ni muda ambao sauti husafiri mita 17 hivi hewani, na ndiyo maana chumba cha kawaida cha kulala hakitoi mwangwi lakini ukuta wa shule ng'ambo ya kiwanja hutoa.

Pengo la milisekunde mia mbili, tatu au zaidi ni dalili ya safari ya kwenda na kurudi kwa mgeni. Nakala ya aina hii pia hubadilika rangi: huwa na ukungu, mara nyingine hukatikakatika, na hubeba mvumo wa chumba ambacho msemaji hajawahi kukiona.

Mfano wa mahojiano ya dakika arobaini

Chukuliwe mfano wa mtangazaji aliyeko Mwanza anayemhoji mgeni aliyeko Arusha. Mtangazaji amevaa hedifoni, mgeni anatumia spika za kompyuta yake. Rekodi ina dakika 40 na imehifadhiwa na OBS katika faili la aina ya `mkv`. Sauti ya mtangazaji inajirudia. Anapopima miiba anapata pengo la milisekunde 310 mwanzoni, 330 katikati na 320 mwishoni. Hukumu ni wazi: sauti imekwenda Arusha na kurudi.

Bahati yake ni moja, na ni kubwa. Kabla ya kurekodi alifungua `Advanced Audio Properties` ndani ya OBS na kuipangia maiki yake mkondo namba 1 na sauti ya kompyuta mkondo namba 2, kisha kwenye mipangilio ya kurekodi akachagua mikondo yote miwili. OBS inaweza kuhifadhi hadi mikondo sita ndani ya faili moja bila kuichanganya. Kwa hiyo mkondo wa 1 una sauti yake safi isiyo na mwangwi hata chembe. Nakala yote iko ndani ya mkondo wa 2, pamoja na sauti ya mgeni. Hakuna haja ya kutenganisha sauti zilizochanganyika. Kazi ni kuunyamazisha mkondo wa 2 kila mara nakala inapopita.

Mikondo hutolewa kwenye faili kwa programu ya `ffmpeg`:

```
ffmpeg -i rekodi.mkv -map 0:a:0 maiki.wav -map 0:a:1 mgeni.wav
```

Hesabu ya mikondo hapa huanzia sifuri, kwa hiyo `0:a:0` ni mkondo wa kwanza. Mafaili mawili yanayopatikana hufunguliwa pamoja katika Audacity, `mgeni` juu na `maiki` chini. Kazi ya kunyamazisha ingeweza kufanywa kwa mkono, kipande baada ya kipande, na kwa rekodi ya dakika tano hiyo ndiyo njia bora. Kwa dakika 40 kuna kipengele kiitwacho `Auto Duck`, kilichobuniwa ili muziki ujishushe wenyewe mtangazaji anapoongea. Husikiliza mkondo ulio chini, na kila unapotoa sauti hushusha mkondo uliochaguliwa juu yake. Hapa badala ya muziki kitashusha sauti inayotoka kwa mgeni.

Ila kikitumika hivyo hivyo, matokeo hukatisha tamaa, na watu wengi huishia hapo. Kosa lake ni la wakati. Mtangazaji akimaliza swali, nakala ya silabi zake za mwisho bado iko njiani na itafika baada ya milisekunde 310. Kipengele kinaona maiki imenyamaza na kuanza kuurudisha mkondo wa mgeni juu, na papo hapo mkia wa mwangwi unapenya. Mkia huo ndio unaosikika kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu unaangukia kwenye kimya.

Marekebisho yake ni rahisi. Mkondo wa maiki hunakiliwa, na nakala hiyo husogezwa mbele kwa sekunde 0.32, ambayo ni wastani wa mapengo yaliyopimwa. Nakala iliyosogezwa huwekwa moja kwa moja chini ya mkondo wa mgeni ili iwe ndiyo kiongozi. Haitasikika katika kazi ya mwisho, itafutwa. Kazi yake ni kukionyesha kipengele mahali hasa ambapo mwangwi upo, si mahali ambapo msemaji alikuwa. Mkondo halisi wa maiki hubaki mahali pake bila kuguswa.

Kisha vipimo vya `Auto Duck` hubadilishwa. Chenyewe huja na kushusha desibeli 12, na mteremko wa nusu sekunde kabla na baada ya sauti. Mteremko wa kabla ni mrefu mno kwa mahojiano, kwa kuwa ungeyafifisha maneno ya mwisho ya mgeni kila anapoingiliwa na swali. Sekunde 0.1 zinatosha. Mteremko wa baada huwekwa kwenye sekunde 0.2, ili kuwe na nafasi kwa ajili ya pengo linalosogeasogea. Muda wa kimya unaovumiliwa kabla ya mkondo kurudi juu, ambao huja ukiwa sekunde 1, hupunguzwa hadi nusu sekunde, ili jibu fupi la mgeni kati ya maneno ya mtangazaji lisimezwe. Kiwango cha kushusha hupandishwa hadi desibeli 24. Kizingiti, yaani nguvu ambayo maiki ikiifikia mkondo wa juu hushuka, kinaweza kubaki kwenye desibeli −30 palipowekwa. Kama pumzi za mtangazaji zinamshusha mgeni, kizingiti hupandishwa kidogo kuelekea −25. Kama silabi laini za mwisho wa sentensi zinaacha mwangwi, hushushwa kuelekea −35.

Baada ya hapo husikilizwa dakika mbili au tatu kwa hedifoni, na si mwanzoni tu. Katika mfano huu maswali yote yanatoka safi, lakini kuna mahali pamoja ambapo mtangazaji na mgeni walicheka pamoja na kuongea kwa wakati mmoja. Hapo mgeni anafifia ghafla, kama aliyegeuza uso ukutani. Hakuna kipimo kitakachotibu hilo, kwa sababu sauti ya mgeni na mwangwi vimo ndani ya mkondo mmoja kwa wakati mmoja, na anayeshusha kimoja anashusha vyote. Mhariri hurudisha kipande hicho katika hali yake ya awali na kuuacha mwangwi usikike chini ya kicheko. Msikilizaji husamehe mwangwi ndani ya kicheko kuliko anavyosamehe mgeni aliyepotea katikati ya sentensi.

Kimya kitupu nacho kinahitaji uangalizi. Kama chumba cha mgeni kina feni au mvumo wa barabara, mkondo wake unaposhuka, feni nayo hutoweka, na unapopanda feni hurudi. Sikio hulitambua jambo hilo mara moja. Dawa ni kushusha kwa kiasi kidogo zaidi, desibeli 15 au 18, na kukubali chembe ya mwangwi ibaki, kwa sababu mvumo usiokatika huificha.

Kiongozi hufutwa, mikondo miwili iliyobaki huchanganywa na kuhifadhiwa kama `safi.wav`, na sauti hiyo hurudishwa kwenye picha:

```
ffmpeg -i rekodi.mkv -i safi.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac kazi.mp4
```

Maneno `-c:v copy` yanahakikisha picha inanakiliwa ilivyo bila kubanwa upya, kwa hiyo haipotezi ubora.

Sauti zikiwa zimekwisha kuchanganyika

Hali ngumu ni ya faili lenye mkondo mmoja, ambamo sauti halisi na nakala yake vimechanganywa pamoja. Hapa ndipo chanzo cha nakala kinapoamua mambo.

Kama nakala ilizaliwa ndani ya kompyuta, na pengo halibadiliki, hesabu inaweza kuifuta. Tuseme pengo ni milisekunde 40 na nakala ina nusu ya nguvu ya sauti halisi. Mkondo wote hunakiliwa, nakala mpya husogezwa mbele milisekunde 40, hupunguzwa kwa desibeli 6 ili iwe nusu, kisha hugeuzwa juu chini kwa kipengele cha `Invert`, na kuchanganywa na mkondo wa awali. Mwangwi na kivuli chake kilichopinduliwa hukutana na kuuana. Hata hivyo kivuli nacho kilibeba mwangwi ndani yake, kwa hiyo unabaki mwangwi mpya, mdogo zaidi, kwenye milisekunde 80, ukiwa na robo ya nguvu ya sauti halisi. Huo huondolewa kwa kuongeza nakala nyingine ya mkondo wa awali, iliyosogezwa milisekunde 80 na kupunguzwa desibeli 12, safari hii bila kupinduliwa. Kinachobaki sasa kiko kwenye milisekunde 120 na ni sehemu moja ya nane tu, ambayo katika mazungumzo ya kawaida haisumbui tena. Njia hii inaitegemea sana nakala kuwa dhaifu kuliko sauti halisi. Zikiwa na nguvu sawa, mabaki hayapungui hata kidogo kwa kila hatua, huhama tu.

Inategemea pia usahihi mkubwa wa kupima. Ili mwangwi upungue kwa desibeli 10 kwenye hezi 1,000, ambako usemi una uzito wake, pengo lazima lipimwe bila kukosea zaidi ya sehemu 5 kwa 100 za milisekunde. Katika rekodi yenye sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni sampuli mbili na kidogo. Kwa hiyo mhariri huvuta picha ya wimbi hadi aone sampuli mojamoja, hupima kwenye mwiba mkali, hujaribu, husikiliza, na kusogeza sampuli moja huku na moja kule hadi sauti itakapotulia. Akikosea sana, hafuti mwangwi. Anaongeza wa pili.

Mambo yakiwa hivyo, ni dhahiri kwa nini njia hii haifai kwa nakala iliyokwenda Arusha na kurudi. Imebanwa na mtandao, imepita kwenye spika na hewa ya chumba, na pengo lake linacheza kwa makumi ya milisekunde wakati kazi inadai sehemu za milisekunde moja. Umbo lake halifanani tena na la sauti halisi, hivyo kuitoa moja kwa nyingine hakuleti kimya. Vifutio vya mvumo wa chumba navyo husaidia kidogo sana, kwa kuwa vinatafuta mkia unaofifia taratibu na hapa kuna maneno mazima.

Kinachowezekana ni kupunguza uchungu. Sehemu kubwa ya kero ya mwangwi mrefu hukaa kwenye vituo, pale msemaji anaponyamaza na silabi zake za mwisho zikaja peke yao. Mhariri hupita kwenye wimbi na kunyamazisha mikia hiyo, kila mmoja ukiwa na urefu wa theluthi ya sekunde hivi, akiweka mteremko mfupi pande zote mbili ili isisikike kama imekatwa kwa kisu. Ndani ya sentensi mwangwi hubaki, lakini hufunikwa kwa sehemu na sauti halisi iliyo na nguvu zaidi. Ni kazi ya mkono na huchosha, ila rekodi isiyosikilizika huwa rekodi inayovumilika. Ikiwa maswali ya mtangazaji ni machache, njia ya haraka na yenye matokeo bora zaidi ni kuyasoma upya kwenye maiki ileile, chumba kilekile, na kuyaweka mahali pa yale ya zamani, alimradi maneno hayabadilishwi, maana jibu la mgeni lilitolewa kwa swali lile na si jingine.

Sekunde kumi kabla ya kuanza

Jaribio la kuugundua mwangwi huchukua muda mfupi kuliko salamu. Rekodi huwashwa, msemaji hupiga kofi moja mbele ya maiki, huku mgeni akiwa kimya, kisha husubiri sekunde mbili. Faili hufunguliwa na wimbi kutazamwa. Ukionekana mwiba mmoja, njia ni safi. Ikionekana miwili, mgeni huombwa azime maiki yake na kofi hupigwa tena. Mwiba wa pili ukitoweka, nakala ilikuwa inatoka kwake, na dawa ni avae hedifoni au, kama hana, apunguze spika na aisogeze mbali na maiki. Wageni wakiwa wengi, kila mmoja huzima maiki kwa zamu hadi mhusika ajulikane. Mwiba wa pili ukibaki hata maiki zote za wageni zikiwa zimezimwa, tatizo liko mezani kwa msemaji mwenyewe. Hapo huangaliwa kwanza kama maiki imeongezwa mara mbili kwenye programu, kisha kama maiki ya kamera imewaka, kisha kama kujisikia kumewekwa `Monitor Off`.

Na mikondo itenganishwe tangu mwanzo, hata jaribio likitoka safi. Mgeni anaweza kuvua hedifoni dakika ya ishirini kwa sababu masikio yanamuuma, na hakuna atakayejua hadi faili litakapofunguliwa.